Wiki 5 kabla ya UE: testi, asaimenti na kazi ya kundi vimeangukia pamoja. Nipange vipi muda?

Kalamu ya Wino (mleta uzi)

Habari za humu ndani wakuu. Ninasoma mwaka wa pili, shahada ya uchumi na takwimu, katika chuo kimoja hapa Tanzania. Muhula wetu una wiki 15 za masomo na mitihani ya chuo inaanza wiki ya 16. Sasa tumemaliza wiki ya 10. Wiki ya kujisomea hatupewi, tunapewa siku 3 tu kabla ya karatasi ya kwanza.

Nina masomo 5, na kila moja lina alama 40 za kosiweki na 60 za mtihani. Kati ya wiki ya 12 na ya 14 ninadaiwa testi ya pili ya Takwimu, asaimenti ya Takwimu, asaimenti ya Ekonometria ya kufanyia kwenye kompyuta, insha ya Mikroekonomia, prezentesheni ya Uhasibu wa Gharama, na ripoti ya kundi ya Mbinu za Utafiti ambayo peke yake ina alama 20. Kundi letu lina watu 6, tumeshakusanya madodoso 60, na tangu tuyakusanye hakuna aliyeyagusa.

Muhula uliopita nilifanya kazi zote za kosiweki kwanza, nikaahirisha kusoma hadi wiki ya 15. Nilipata sapu moja, na chuoni kwetu sapu hata ukifaulu vizuri unapewa C na si zaidi. Sitaki kurudia. Swali langu ni hili: katika wiki hizi 5, je, nianze kusoma kwa ajili ya mtihani sasa hivi na kazi zifuate, au nimalize kazi kwanza kisha nisome?

Jiwe la Pembeni

Mkuu, kosiweki ndiyo akiba yako. Alama 1 ya asaimenti na alama 1 ya mtihani zinajumlishwa sehemu moja, ila ya asaimenti unaipata ukiwa na daftari mbele yako na hakuna msimamizi anayekuangalia. Maliza zote 40 kwanza. Ukishafikisha 16 kati ya 40 chuo chochote kinakuruhusu kuingia kwenye mtihani, na siku zile 3 za mwisho ukesha kama sisi tulivyokesha. Mimi nilimaliza kwa mtindo huo.

Mama wa Wanne

Poleni na masomo wanangu. Mimi binti yangu yuko kidato cha nne, naye walimu wanampa mazoezi mengi ya nyumbani kila siku hadi anasinzia mezani. Je, nimwombee ruhusa mazoezi yapunguzwe ili ajiandae na mtihani wa taifa?

CR wa Zamani

Mama, shikamoo. Mwenye uzi anazungumzia chuo kikuu, ambako kazi anazopewa ni sehemu ya alama za mwisho za somo, kwa hiyo hesabu yake ni tofauti na ya binti yako. Kwa kidato cha nne ningekushauri uzungumze na mwalimu wa darasa, umwonyeshe madaftari ya wiki moja ili aone mwenyewe jumla ya mazoezi yanayotoka kwa walimu mbalimbali, kwa sababu mara nyingi kila mwalimu anajua la kwake tu.

Ndugu Jiwe, hilo la 16 kati ya 40 si la kila chuo. Kuna vyuo vyenye kiwango cha chini cha kosiweki ambacho usipokifikia huingii kwenye mtihani, kuna vingine vinavyotazama jumla pekee, na hata ndani ya chuo kimoja kitivo kinaweza kuwa na masharti yake. Mleta uzi asome kanuni za mitihani za chuo chake, asitegemee tulichokuwa tukiambiana hosteli.

Mwalimu Takwimu

Nimefundisha takwimu vyuoni kwa miaka mingi na nimesahihisha ripoti za makundi nyingi, kwa hiyo nitajaribu kulijibu swali kwa utulivu. Kabla sijasema lolote ninahitaji vitu viwili kutoka kwako, Kalamu. Kwanza, alama ulizokwisha kupata katika kila somo. Pili, saa unazodhani kila kazi iliyobaki itakuchukua, pamoja na saa unazoweza kweli kukaa na kusoma kwa wiki nje ya vipindi. Bila vitu hivyo, ushauri wa kuanza na hiki au kile ni wa kubahatisha.

Kalamu ya Wino

Asante mwalimu. Alama zangu ni hizi. Takwimu nimepata 6 kati ya 15 katika testi ya kwanza, zimebaki testi ya 15 na asaimenti ya 10. Ekonometria testi zote mbili zimekwisha nikapata 13 kati ya 30, imebaki asaimenti ya 10. Mikro nina 19 kati ya 30, imebaki insha ya 10. Uhasibu nina 24 kati ya 30, imebaki prezentesheni ya 10. Mbinu za Utafiti nina 14 kati ya 20, imebaki ripoti ya kundi ya 20.

Kuhusu saa: sehemu yangu ya ripoti ninaikadiria saa 20, asaimenti ya Ekonometria 8, insha 10, prezentesheni 8, asaimenti ya Takwimu 6. Jumla ni 52. Kwa wiki ninaweza kusoma saa 25 nje ya vipindi nikiwa mkweli. Chuoni kwetu A inaanzia 70, B+ 60, B 50 na C 40.

Mwalimu Takwimu

Vizuri. Saa 25 kwa wiki 5 ni 125. Ukitoa 52 utaona umebakiwa na 73 za kusomea mtihani, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapotulia wakidhani muda upo. Makadirio ya kazi zetu wenyewe karibu kila mara huwa madogo kuliko hali halisi. Mwaka 1994 watafiti Buehler, Griffin na Ross walichapisha uchunguzi ambamo wanafunzi wa shahada waliulizwa watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walisema siku 34. Walitumia siku 55 na ushee. Hata walipoambiwa wakadirie endapo kila kitu kingeenda vibaya, bado walitaja siku chache kuliko zile walizotumia.

Kwa hiyo zidisha 52 yako kwa moja na nusu, upate 78. Zinazobaki ni 47, yaani takriban saa 9 kwa wiki. Hizo ndizo saa zako za kweli za testi na mtihani, na jibu la swali lako la kwanza limo humo. Saa 9 kwa wiki ukizianza leo ni saa moja na nusu kila siku kwa siku 6, jambo ambalo mtu mzima mwenye afya analiweza. Ukiziahirisha zote hadi wiki ya 15, utakuwa unatafuta saa 47 ndani ya wiki ambayo ina 25, na wiki hiyo hiyo itakuwa imeshaliwa na kazi zilizochelewa. Ninashuku kwamba hilo ndilo lililokupata muhula uliopita.

Sasa tuzitazame alama. Ndugu Jiwe amesema kweli kwamba alama 1 ni alama 1 popote ilipopatikana. Alichokiacha ni kwamba bei ya alama hiyo hailingani. Ripoti ya kundi iliyo nadhifu na kamili itapata labda 13 kati ya 20 kwa juhudi ya kawaida. Kuitoa 13 hadi 16 kunaweza kukugharimu saa 15 nyingine za kuhariri, kupanga marejeo na kuchora majedwali upya. Saa hizo hizo 15 ukizipeleka kwenye testi ya pili ya Takwimu, ambako msingi wako ni dhaifu, zinaweza kukutoa 5 hadi 9 au 10, na kile ulichojifunza kitakuwa kimeshaingia kwenye mtihani wa alama 60 vilevile. Testi ya wiki ya 12 ni matayarisho ya mtihani uliyolipwa alama kwa kuyafanya mapema, kwa hiyo usiihesabu pamoja na insha na prezentesheni.

Somo la hatari kwako ni Ekonometria. Ukipata 7 katika asaimenti utakuwa na 20, nawe utahitaji 20 kati ya 60 ili ufaulu tu, na 30 ili upate B. Takwimu inafuata: ukipata 9 katika testi na 8 katika asaimenti utakuwa na 23, na B+ itahitaji 37 kati ya 60. Uhasibu uko salama, kwani ukiwa na 31 unahitaji 29 tu kupata B+. Kwa hiyo zile saa 9 za kila wiki zigawe kati ya Takwimu na Ekonometria hadi wiki ya 13, Mikro ipate kidogo kuanzia wiki ya 14, na Uhasibu usubiri pasti pepa za mwisho.

Chui wa Bonde

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Mimi ninasoma nchini Kenya, na katika chuo chetu CAT na kazi zote pamoja ni 30, mtihani ni 70. Kwa hesabu ya mwalimu ina maana kwetu kazi ya kundi ina thamani ndogo hata zaidi, kwa maana mradi uliotutoa jasho muhula uliopita ulikuwa na alama 10 pekee. Mimi niliamua kufanya kile kipande nilichopewa, nikakituma, nikaenda maktaba. Sikuhudhuria mikutano. Sioni kosa langu liko wapi, na mtihani niliupita vyema.

Sauti ya Pili

Kaka Chui, kosa linaonekana ukiwa upande wa waliobaki kwenye mkutano. Kipande ulichokituma kuna mtu alikifungua saa tano usiku, akakuta malengo uliyoyaandika hayafanani na maswali ya dodoso, akakiandika upya.

Ila nitasema na upande wa pili, kwa kuwa mwaka wa kwanza mimi nilikuwa yule mwanakundi anayeitwa mvivu. Sikuwa na laptopu, na bumu lilichelewa hivyo hata bando nilikuwa ninaazima. Nilipewa sura ya uchambuzi inayohitaji kompyuta wakati wenzangu wenye laptopu walichukua utangulizi kwa sababu ni mwepisi. Niliona aibu kusema. Nikawa ninasoma ujumbe wa kundi kwenye Watsapu bila kujibu hadi siku ya mwisho. Kalamu, kabla hamjagawana sura, ulizaneni waziwazi nani ana kompyuta, nani anakaa nje ya chuo, nani ana testi ya somo jingine wiki ile ile. Madodoso yanaweza kuingizwa na mtu asiye na laptopu akiwa kwenye chumba cha kompyuta cha chuo mchana, kama ametengewa kazi hiyo mapema.

Kalamu ya Wino

Dada Sauti, umenigusa, kwa sababu kuna mwenzetu mmoja ambaye hajibu na nilikuwa nimeshaanza kumsema vibaya. Nitamtafuta ana kwa ana.

Mwalimu, nimeelewa hesabu ya saa. Ninachoogopa ni ripoti. Muhula uliopita kila mtu alituma sura yake Alhamisi usiku, kazi ikiwa ya kukusanywa Ijumaa saa sita mchana. Niliunganisha peke yangu hadi saa kumi alfajiri. Sura ya nne ilikuwa na majedwali yasiyohusiana na malengo ya sura ya kwanza, marejeo yalikuwa ya mitindo mitatu, na faili la mwisho liliitwa `Ripoti_mwisho_mwisho3.docx`. Tulipofika stashenari kubaindi tukakuta ni faili la kabla ya marekebisho.

CR wa Zamani

Hilo faili ninalifahamu, kila kundi limewahi kuwa nalo. Tatizo lenu halikuwa usiku wa Alhamisi. Mligawana sura kama vile kila sura inasimama peke yake, wakati sura ya nne inategemea maswali ya dodoso, nayo sura ya tano inategemea majedwali ya sura ya nne.

Sisi tulibadilisha mpangilio. Wiki ya kwanza ya kazi tulikaa wote sita kwa saa mbili na daftari moja. Tuliandika kila lengo la utafiti kwenye mstari wake, mbele yake maswali ya dodoso yanayolijibu, mbele yake tena jedwali litakalotokea, hata kama bado lilikuwa tupu. Lengo lililokosa swali tulilifuta hapo hapo, kwa maana hakukuwa na muda wa kurudi uwandani. Baada ya hapo tuliwekeana tarehe ya rasimu kamili siku 12 kabla ya tarehe ya mhadhiri. Ninaposema rasimu kamili simaanishi nzuri. Ilikuwa na sura zote, nyingine aya mbili tu, lakini zote zilikuwa ndani ya faili moja ambalo kila mmoja alilisoma kuanzia mwanzo. Kasoro za kuunganisha zilijitokeza wakati bado tulikuwa na nguvu za kuzirekebisha.

Kwenu, ikiwa ripoti ni Ijumaa ya wiki ya 14, rasimu kamili iwe Jumapili ya mwisho wa wiki ya 12. Ninajua testi ya Takwimu iko wiki hiyo, kwa hiyo mwenye testi apewe sehemu ya kufanya wiki ya 11.

Mwalimu Takwimu

Ninamuunga mkono CR, nami niongeze jambo moja ambalo wanafunzi huliacha lipite. Kalamu, usichukue utangulizi wala mapitio ya maandiko. Omba sura ya nne, uchambuzi wa data. Inaonekana nzito, lakini ndiyo sehemu pekee ya ripoti inayokusomesha Takwimu huku ukiwa kwenye saa za Mbinu za Utafiti. Kama mnataka kujua iwapo jinsia au mwaka wa masomo unahusiana na jibu fulani, mtatumia jaribio la khi mraba, na jaribio hilo ni mada ya testi yako ya pili kwa namna muhula wa Takwimu unavyoendeshwa kwa kawaida.

Na hapo utakutana na tatizo la kweli litakalokufundisha kuliko kitabu. Mna madodoso 60. Mkitengeneza jedwali la safu 3 kwa 4, lina vyumba 12, kwa wastani watu 5 kwa kila chumba. Vyumba kadhaa vitakuwa na idadi tarajiwa chini ya 5, na jaribio halitaaminika hata kama programu imekupa jibu. SPSS itakuandikia chini ya jedwali ni asilimia ngapi ya vyumba viko chini ya 5, na wanafunzi wengi hawausomi mstari ule. Dawa ya kawaida ni kuunganisha makundi yanayokaribiana kimaana, kwa mfano "ninakubali" na "ninakubali sana". Ukilifanya hilo mara moja kwa data yako mwenyewe, swali lake kwenye mtihani hutalihangaikia.

Jiwe la Pembeni

Mwalimu, nimekubali hoja ya bei ya alama, sikuwahi kuiwaza hivyo. Lakini bado ninatetea kukesha. Nikisoma usiku wa kuamkia mtihani asubuhi ninakumbuka kila kitu, ila nikisoma wiki 3 kabla ninasahau.

Mwalimu Takwimu

Unachokiona ni cha kweli kwa sehemu, na ndiyo maana kinadanganya. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Wengine walikisoma tena na tena, wengine walikisoma mara moja kisha wakajitahini mara kadhaa kwa kuandika walichokikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikumbuka kama asilimia 40, na waliojitahini kama asilimia 61. Kwa hiyo anayekesha akisoma daftari anafanya vizuri kwenye karatasi ya kesho yake asubuhi, kisha ana karatasi nyingine 4 ndani ya wiki 2 na usingizi wa siku zote hizo ni deni.

Unasahau ulichosoma wiki 3 kabla kwa sababu ulikisoma tu. Kwenye ile saa moja na nusu ya kila siku, Kalamu achukue swali moja la pasti pepa, afunge daftari, aandike jibu lote kwa mkono, ndipo afungue daftari kulisahihisha. Swali alilokosea alirudie baada ya siku 4 au 5. Swali moja kwa siku ni maswali 30 kwa wiki 5, na katika masomo ya hesabu pasti pepa za miaka 5 mara nyingi huwa na aina za maswali chache kuliko hizo.

Chui wa Bonde

Dada Sauti, nimelisoma neno lako mara mbili. Sitasema nilikuwa sahihi. Ila ninauliza kwa moyo mweupe: kama mwanakundi mmoja hakufanya sehemu yake hadi wiki ya mwisho, je, wengine waifanye na kuweka jina lake? Kwetu mhadhiri anatoa alama moja kwa wote.

CR wa Zamani

Sisi tuliandika kwenye ukurasa wa pili wa ripoti nani alifanya nini, na mhadhiri aliuzingatia. Kwenye prezentesheni alimwuliza kila mmoja swali kuhusu sehemu yake, na hapo ilijulikana wazi. Mimi ningeandika ukweli. Jina likikaa bila kazi, mwaka ujao atafanya vilevile kwa kundi jingine.

Mwalimu Takwimu

Mimi ningetangulia kumfuata mhadhiri faraghani kabla ya tarehe, si baada yake. Nilipokuwa kazini, taarifa iliyonifikia wiki 2 kabla niliweza kuishughulikia. Iliyoandikwa kwenye ripoti iliyokwisha kubaindiwa ilinilazimisha kuchagua kati ya maneno ya watu 5 na ya mtu 1 bila ushahidi.

CR wa Zamani

Kwa heshima mwalimu, wahadhiri wanaosikiliza hivyo si wengi. Lakini sitabishana zaidi.

Kuna jambo ambalo Kalamu amechelewa kulifanya muhula huu ila wasomaji wengine wanaweza. Nilipokuwa CR, wiki ya 3 nilichora kalenda ya ukurasa mmoja yenye tarehe zote za masomo yetu. Wiki ya 12 hadi ya 14 zilikuwa na kazi 7, wiki ya 5 hadi ya 9 zilikuwa na 1. Niliwapelekea wahadhiri ile karatasi bila maneno mengi. Wawili waliziondoa zao pale. Wa tatu alikataa kwa sababu ya msingi: mada ya kazi yake ilikuwa inafundishwa wiki ya 10, na hawezi kupima asichofundisha. Hakuna mhadhiri kati yao aliyekuwa akijua tarehe za mwenzake.

Kalamu ya Wino

Wakuu, nimerudi na taarifa, sasa ni Alhamisi ya wiki ya 14.

Mwenzetu aliyekuwa kimya nilimkuta. Simu yake iliharibika na anaishi mbali, anatumia daladala mbili kufika chuoni. Tulimpa kazi ya kuingiza madodoso kwenye chumba cha kompyuta na aliyamaliza yote 60 kwa siku 2. Aliyetuangusha ni mwingine kabisa, ambaye ana laptopu na ndiye aliyekuwa anasema sana kwenye kundi. Sura ya pili haikuja hadi Jumatano ya wiki ya 13, na ilipokuja ilikuwa imenakiliwa. Tumeiandika upya watu wawili. Kuhusu jina lake hatujaafikiana. Watatu wanataka kufuata njia ya CR, na mimi na mwenzangu tunaona tumeshachelewa hata njia ya mwalimu, kwa kuwa taarifa ya siku moja kabla haina tofauti na malalamiko.

Nilichukua sura ya nne. Jedwali langu la kwanza lilikuwa na vyumba 8 kati ya 12 vyenye idadi tarajiwa chini ya 5, nikaunganisha majibu yakabaki safu 2 kwa 2, idadi tarajiwa zikapita 5 zote. Testi ya Takwimu ilikuwa na swali la namna hiyo, na nimepata 10 kati ya 15. Asaimenti ya Ekonometria niliyoikadiria saa 8 imenichukua 13, hata moja na nusu ya mwalimu haikutosha. Saa ya kila siku nimeikosa siku 6 katika wiki 4, nyingi zikiwa za wiki ya insha, na Mikro bado sijaigusa kama nilivyopaswa.

Mwalimu Takwimu

Umefanya vizuri. Mikro ina 19 na insha juu yake, usiiogope. Ulivyopungukiwa muda, chukua maswali ya kuchora na kukokotoa kwanza, acha ya maelezo marefu hadi zile siku 3. Na Ekonometria usiiache hata siku moja, kwa sababu bado unahitaji zile 20 kabla ya kitu kingine chochote.

Sauti ya Pili

Kalamu, mtu yule aliyeingiza madodoso, je, mmemwandika kwenye ukurasa wa nani alifanya nini?

Kalamu ya Wino

Tumemwandika dada, jina lake ndilo la kwanza. La yule mwingine tutaliamua kesho. Saa moja asubuhi nina swali la pili la Ekonometria la mtihani wa mwaka 2022, ambalo nililikosa Jumapili, halafu saa tatu tunakutana stashenari wote sita kubaindi, na safari hii faili liko kwenye flashi moja tu.